Andazi la muhogo: unga wa ngano una nini ambacho unga wa Kilwa hauna?

Mei 2024, baada ya mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Malori yakakwama. Ukikaa Kilwa Masoko au Lindi mjini, habari kama hiyo unaisoma kwa jicho la jikoni, kwa sababu andazi la asubuhi linategemea unga uliokuja kwa lori. Ngano haioti kwenye joto la pwani. Ya nyumbani inalimwa kwenye baridi, kama Hanang' na nyanda za juu kusini, na sehemu kubwa ya ngano tunayokula inaagizwa kutoka nje ya nchi. Huku nyuma ya nyumba ya huyo huyo anayechoma maandazi kuna shamba la muhogo.

Basi swali linakuja lenyewe: kwa nini asikaange andazi la muhogo? Wengi wamejaribu, na wengi wanajua kinachotokea. Ukikanda unga wa muhogo mtupu, donge halivutiki, linakatika. Ukilitia kwenye mafuta linapasuka au linabaki zito kama jiwe. Tuone kwa nini, halafu tuone ni kiasi gani cha muhogo kinaweza kuingia kwenye andazi bila mteja kulalamika. Mwishoni kuna jambo la usalama ambalo mtu anayenunua unga wa muhogo sokoni anapaswa kulijua.

Anza na vidole

Weka unga wa aina nne mezani: sembe, muhogo, ulezi na ngano. (Hapa tuelewane majina, maana hata kwenye vitabu yanachanganywa. Mtama ni ule wa mbegu za mviringo, jina lake sawa na la mji wa Mtama hapa Lindi. Uwele una suke refu kama mkia. Ulezi ni mbegu ndogo nyekundu za uji.)

Sembe inakwaruza. Sehemu ngumu ya punje ya hindi ina wanga uliofungwa kwa nguvu na protini, kwa hiyo mashine inaivunja vipande vipande badala ya kuilainisha. Muhogo ni kinyume chake: mlaini kama poda, na ukiubana kati ya vidole unatoa kamlio fulani halafu unatawanyika. Huo ni karibu wanga mtupu. Ulezi ni mlaini lakini una vijichembe vya ganda, kwa sababu punje ni ndogo mno na kawaida tunaisaga na ganda lake. Ngano ukiifumbata kiganjani inashikamana, ukifungua mkono unaona alama za vidole.

Kwa protini, chukua gramu 100 za kila unga. Ngano nyeupe ina kama gramu 10 hivi. Mahindi ya dona yana 8 mpaka 9, sembe iliyokobolewa inapungua kidogo. Ulezi una kama 7. Muhogo una 1 mpaka 2 tu. Ukiziangalia namba hizi haraka unaweza kusema, kumbe tatizo la muhogo ni uhaba wa protini, ndiyo maana hauumuki. Lakini ngoja. Dona ina protini karibu sawa na ngano, na bado mkate wa dona mtupu haupandi. Kwa hiyo wingi wa protini pekee hauelezi jambo hili, inabidi tuangalie ni protini ya aina gani.

Jaribio la bakuli la maji

Hili unaweza kulifanya leo. Chukua gramu 100 za unga wa ngano, ongeza maji kama mililita 60, kanda dakika kumi mpaka donge liwe nyororo. Liache litulie nusu saa. Halafu lizamishe kwenye bakuli la maji na ulibonyeze-bonyeze taratibu, kama unayefua kitambaa cha bei. Maji yatakuwa meupe kama tui. Badilisha maji, endelea. Baada ya kuyabadilisha mara tano au sita maji yanaanza kuwa safi, na mkononi mwako kimebaki kitu cha rangi ya kijivu-njano, kinavutika kama ubani uliotafunwa. Kipime: kitakuwa kama gramu 25 mpaka 30, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maji kilichoyashika.

Hiyo ndiyo gluteni. Imetokana na makundi mawili ya protini za ngano, gliadini na glutenini. Zikilowa na kukandwa zinashikana na kutengeneza wavu. Glutenini inaupa wavu nguvu ya kurudi unapouvuta, gliadini inauwezesha kunyooka bila kukatika. Hamira inapokula sukari na kutoa gesi, gesi inanaswa ndani ya wavu huo, na donge linavimba. Andazi likigusa mafuta ya moto, maji yaliyomo yanageuka mvuke, wavu unatanuka, ule uwazi wa katikati unatokea. Joto likizidi, wavu na wanga vinakauka na kukaa na umbo lao.

Sasa rudia jaribio kwa sembe. Donge litayeyukia kwenye maji, mkononi hakibaki kitu. Protini kuu ya mahindi inaitwa zeini. Haipendi maji, inakaa imejikunja ndani ya punje na kwenye joto la kawaida la jikoni haiungani kuwa wavu. Ulezi, mtama na uwele nao ni hivyo hivyo. Muhogo ndio usiseme, hauna hata cha kujaribu kuunganisha.

Lakini ugali wa muhogo unavutika!

Hapa mpishi yeyote wa Lindi atanipinga, na ana haki. Ugali wa muhogo unavutika kuliko ugali wa sembe, tena sana. Ukimega unafuata mkono. Kama hakuna gluteni, mvuto huo umetoka wapi?

Umetoka kwenye wanga uliopikwa. Wanga umekaa kwenye chembe ndogo ngumu. Kwenye maji ya baridi chembe hizo hazifanyi lolote, ndiyo maana unga wa muhogo ukiukoroga na maji unazama chini. Ukifika joto la kama nyuzi 60 mpaka 70 za Selsiasi, chembe zinafyonza maji, zinavimba, na uji unakuwa mzito ghafla. Chembe za muhogo zinavimba kuliko za mahindi, na zikipigwa mwiko muda mrefu zinapasuka na kumwaga nyuzi za wanga zinazonata. Ndiyo sababu wapishi wengi wa ugali wa muhogo hawaanzi na uji kama wa sembe. Maji yakichemka wanatia unga kwa pamoja, wanasonga kwa nguvu na kwa haraka, wanaepua. Ukichelewa, unapata gundi.

Kuna tofauti nyingine utaiona kesho yake asubuhi. Wanga una nyuzi za aina mbili, zilizonyooka na zenye matawi. Zile zilizonyooka zinaitwa amilosi, na ugali ukipoa ndizo zinazojipanga upya na kukaza. Mahindi yana amilosi nyingi kuliko muhogo. Kwa hiyo kiporo cha sembe kinakuwa kigumu mpaka unakikata kwa kisu na kukikaanga, kiporo cha muhogo kinabaki laini kinachonata.

Sasa unaona tatizo la andazi. Muhogo unapata uwezo wa kushikilia vitu baada ya kupikwa, wakati donge la andazi linahitaji kushikilia gesi kabla ya kupikwa, likiwa bado bichi kwenye beseni. Hamira inatoa gesi saa nzima, na hakuna wavu wa kuinasa.

Kiasi gani kiingie

Njia mbili zinabaki. Ya kwanza, changanya na ngano na uache gluteni ya ngano ibebe mzigo wa wote wawili. Ya pili, pika sehemu ya muhogo kwanza ili gundi yake iwepo tangu mwanzo. Zinaweza kufanywa pamoja.

Tuchukue kilo moja ya unga. Ngano gramu 800, muhogo gramu 200. Ngano ikiwa na protini asilimia 10, hapo kuna gramu 80, na muhogo ukiwa na asilimia 1.5 unaongeza gramu 3. Jumla 83, wakati kilo nzima ya ngano ingekuwa na 100. Wavu umepungua kwa sehemu moja ya tano, na sasa unabeba wanga mwingi zaidi. Andazi linastahimili hilo, kwa sababu ni dogo, linaiva kwa dakika chache, na halihitaji kusimama juu kama mkate wa boflo. Mkate ni mkali zaidi: kwenye asilimia 10 ya muhogo walaji wengi hawahisi tofauti, na kuanzia 20 unaanza kuona kimo kikishuka na ndani kukiwa kuzito. Nigeria, nchi inayolima muhogo kuliko zote duniani, katikati ya miaka ya 2000 iliwataka wasagaji wa ngano wachanganye asilimia 10 ya muhogo, na kiwango hicho kina sababu ya kijikoni kama hiyo.

Katika zile gramu 200 za muhogo, toa 50. Zikoroge kwenye mililita 250 za maji ya baridi au tui jepesi, weka kwenye moto mdogo huku ukikoroga. Utaona rangi nyeupe inaondoka na uji unakuwa kama kioo kilichofifia, hapo epua. Acha upoe kabisa, kwa sababu uji wa moto unaua hamira.

Wakati unapoa, usichanganye unga wote. Weka gramu 800 za ngano, sukari gramu 150, hamira kijiko cha chai kilichojaa vizuri na iliki. Tia uji uliopoa, halafu maji kama mililita 250 kidogo kidogo, ukande dakika nane. Unataka wavu wa gluteni ujengeke ukiwa peke yake. Ukiona donge linavutika bila kukatika, ongeza zile gramu 150 za muhogo zilizobaki na ukande tena dakika nne tano. Kama linapasuka pembeni, linataka maji zaidi, kijiko kimoja kimoja. Kwa joto la pwani linaumuka ndani ya saa moja, na mwezi wa Desemba angalia mapema, linaweza kuzidi.

Dalili za kuharibika ni hizi. Ukisukuma chapa na kingo zikatoka na nyufa kama matope yaliyokauka, muhogo umezidi au maji yamepungua. Andazi likivimba halafu likasinyaa likitolewa, wavu ulikuwa dhaifu na mafuta hayakuwa na moto wa kutosha kuukausha. Likiwa zuri nje lakini katikati linanata kama gundi, lilikaangwa haraka, maana wanga wa muhogo unashika maji mengi na unahitaji dakika ya ziada. Likinuka uchachu, kosa liko kwenye aina ya unga wala si kwenye kukanda, nalo ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Makopa siyo unga wa andazi

Unga mwingi wa muhogo sokoni unatokana na makopa: muhogo unamenywa, unapasuliwa, unaanikwa siku kadhaa, kisha unatwangwa au kusagwa. Unga wa maandazi unapaswa kupita njia nyingine. Muhogo unamenywa na kuoshwa, unakunwa ukiwa mbichi (hata bati lililotobolewa kwa misumari linafanya kazi), unakamuliwa maji kwenye mfuko uliowekewa uzito, unaanikwa kwa tabaka jembamba na unakauka siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukichelewa, bakteria wanaanza kazi na uchachu unaingia.

Kukuna kuna sababu ya pili, na hii haihusu ladha. Muhogo una kitu kinachoitwa linamarini, ambacho kinabeba sianidi. Kwenye muhogo mchungu kiko kingi, kwenye mtamu kidogo, na mwaka wa ukame kinaongezeka hata kwenye shamba lile lile. Ndani ya muhogo huo huo kuna kimeng'enya cha kuivunja linamarini, lakini viwili hivi vimetengwa na kuta za seli. Ukikuna, unazivunja kuta, vinakutana, linamarini inavunjika na sianidi inatoka kama gesi au inaondoka na maji ya kukamua. Ukipasua makopa makubwa na kuyaanika juani, kuta nyingi zinabaki nzima, muhogo unakauka, na linamarini inabaki ndani.

Watu wengi wanaamini moto utamaliza kila kitu. Moto unaharibu kimeng'enya kwanza, wakati linamarini yenyewe inavumilia joto la kuchemsha. Muhogo wa kuchemsha una nafuu kwa sababu unamwaga maji yake. Ugali humwagi maji. Andazi pia humwagi maji.

Kinachotokea mtu akila sianidi nyingi kwa wiki kadhaa kina jina: konzo. Neno hilo ni la Wayaka wa Kongo, na lina maana ya miguu iliyofungwa. Miguu inakakamaa ghafla na haiponi, na wanaopata zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Tanzania iliandikwa kwenye ramani ya konzo baada ya mlipuko wa Tarime katikati ya miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wagonjwa walipatikana mkoani Mtwara, jirani zetu kabisa.

Na hapa ndipo zile gramu za protini zinarudi. Mwili una njia ya kuiondoa sianidi: unaiunganisha na salfa, inakuwa thiosianati, inatoka kwenye mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye amino asidi za chakula, methionini na sisteini. Mtu wa Kilwa Kivinje anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa au samaki anapata salfa ya kutosha. Familia iliyo mbali na bahari, mwaka wa njaa, inayokula ugali huo huo kwa mboga za majani tu, inapata sianidi nyingi na salfa kidogo kwa wakati mmoja.

Je, kama tayari una unga wa makopa ndani? Kuna njia aliyoieneza mkemia Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na imetumika pia kusini mwa Tanzania. Weka unga kwenye beseni, usawazishe, weka alama ndani ya beseni pale unga ulipofika. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga kwanza unashuka, kisha unapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha. Tandaza unga huo mbichi kwenye ungo au mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Maji yanakiamsha kile kimeng'enya kilichobaki kwenye unga uliokaushwa kwa jua, linamarini inavunjika, gesi inaondoka. Sianidi inapungua mara tatu mpaka sita. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo, kwa hiyo unga wenye 40 unaweza kufika 10 au kukaribia sana. Wenye 200 hautafika kwa mara moja. Upike siku hiyo hiyo, kwa sababu unga uliolowa unaota ukungu.

Na ulezi?

Kwenye andazi, ulezi ni mzigo: asilimia kumi inatosha kulifanya jekundu na la kukwaruza. Kazi yake ni kikombe cha uji. Una kalsiamu nyingi kuliko unga mwingine wowote wa hapa mezani, zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100, na ukiuotesha unafanya jambo ambalo unga wa muhogo hauwezi kwenye uji wa mtoto. Loweka ulezi usiku mmoja, uache uote siku mbili tatu, ukaushe, usage. Hicho ni kimea. Kijiko kimoja kwenye uji mzito wa sembe au muhogo uliopoa kidogo (uwe wa moto wa kunyweka, siyo wa kuchemka) kinaulainisha ndani ya dakika chache, kwa sababu vimeng'enya vyake vinakata nyuzi ndefu za wanga. Mtoto anakunywa uji mwepesi wenye unga mwingi ndani, wakati bila kimea mama angeongeza maji na kupunguza chakula. Baada ya hapo uchemshe tena kidogo, maana kimea kinabeba vijidudu.

Tumia ulezi kwa kazi hii, mtama una shida yake. Chipukizi changa za mtama nazo zinatengeneza sianidi, kwa hiyo ukiotesha mtama, sugua na kupepeta vichipukizi na mizizi yote kabla ya kusaga.